Elimu kwa Umma: Namna ya Kuandika Salio Katika Barua ya Taarifa kwa Mfadhili

Kila awamu ya ruzuku inapofungwa, dawati letu hupokea barua za taarifa kutoka kwa vikundi na asasi zilizopewa fedha. Safari hii tumerudisha barua nyingi kuliko kawaida, na baadhi ya waliorudishiwa wamepiga simu wakiuliza kosa lao ni nini. Nimezipitia upya barua hizo. Nyingi zilirudi kwa sababu ya sentensi moja: "Fedha zote zimetumika kama ilivyopangwa." Makala haya yanaihusu sentensi hiyo, na hasa neno ambalo waandishi wengi hulikwepa, yaani salio. Hayachukui nafasi ya mkataba wa ruzuku. Mahali popote mkataba wako unaposema tofauti na ninavyoeleza hapa, fuata mkataba.

Sidhani kuwa wanaoiandika wana nia ya kudanganya. Wengi wamefanya kazi kubwa katika mazingira magumu, kisha mwishoni wakaona fedha zimebaki benki na shughuli hazijakamilika. Wanaogopa kuonekana wazembe, au awamu ijayo kukatwa. Basi wanaisawazisha hesabu kwa maneno. Hofu hiyo naielewa, ila nimechoka kuisikia, kwa sababu mkataba tunaotiana saini una kifungu kizima kuhusu fedha zisizotumika. Kama salio lingekuwa kosa, kusingekuwa na kifungu cha kueleza lishughulikiweje.

Nichukue kesi moja iliyopita mezani kwangu. Jina la kikundi siliandiki na tarakimu nimezibadilisha, lakini uwiano wake ni uleule. Sarafu pia nimeiacha, kwa kuwa haibadilishi hesabu.

Kikundi kilipewa 60,000 kukarabati visima 12 vya pampu za mkono. Bajeti ilikuwa na vifungu vitano. Vipuri na ufundi vilitengewa 36,000, yaani 3,000 kwa kila kisima. Mafunzo ya kamati za maji yalitengewa 9,600, usafiri 6,000, upimaji wa maji 2,400 na gharama za usimamizi 6,000. Muda wa awamu ulipokwisha, visima 9 vilikuwa vimekamilika na vitatu bado. Barua ikaja na jedwali lenye jumla ya matumizi 60,000, salio sifuri, na ile sentensi.

Mhakiki akipokea barua ya namna hii haanzi kusoma maelezo. Anaanza na hesabu ya kufunga: salio la kuanzia, jumlisha fedha zilizopokelewa, toa matumizi halisi, na kinachobaki lazima kiwe sawa na kilichopo benki na kwenye sanduku la fedha taslimu siku ya mwisho ya awamu. Hapo ndipo anapofungua taarifa ya benki iliyoambatishwa. Ya kikundi hiki ilionyesha 3,300 siku ile ya kufunga. Jedwali lilisema sifuri. Barua ilikuwa imekwama kabla hata aya ya kwanza haijasomwa.

Mhakiki akaendelea, na hapa ndipo waandishi wengi hawajui wanachojifanyia. Kwenye jedwali, kifungu cha vipuri kilionyesha 33,900. Maelezo yalisema visima 9. Ukigawa, kila kisima kimegharimu karibu 3,767 badala ya 3,000, ongezeko la zaidi ya robo. Kifungu cha usafiri kilionyesha 8,700 dhidi ya bajeti ya 6,000, yaani asilimia 45 juu. Msomaji asiyekujua akiona tarakimu hizo pamoja, hafikirii kuwa kuna salio lililofichwa. Anafikiria bei zilizopandishwa na safari ambazo hazikufanyika. Kikundi kilikuwa kimejiandikia tuhuma ambayo hakikustahili.

Tulipoita vitabu, ukweli ukawa hivi. Vipuri na ufundi vilikuwa vimelipiwa 30,600 tu. Zile 3,300 zilizoongezwa zilikuwa thamani ya oda ya mabomba kwa ajili ya visima vilivyobaki. Muuzaji alikuwa amepokea oda, lakini mabomba hayakuwa yamefika na hakuna kilichokuwa kimelipwa. Usafiri halisi ulikuwa 7,200. Zile 1,500 za ziada zilikuwa masurufu aliyopewa afisa wa uwanjani kwa safari ya kisima cha kumi, safari ikaahirishwa, na fedha bado alikuwa nazo. Kwa hiyo matumizi halisi yalikuwa 55,200 na salio 4,800: 3,300 benki na 1,500 mikononi mwa afisa.

Mambo mawili hayo, oda na masurufu, ndiyo yanayozaa sehemu kubwa ya maswali yetu, kwa hiyo niyaeleze kwa kirefu.

Oda ni ahadi ya malipo. Inakuwa matumizi pale kitu kinapopokelewa au huduma inapotolewa ndani ya muda wa awamu. Mikataba mingine inadai pia malipo yawe yamefanyika, mingine inaruhusu yafanyike baadaye kidogo, mradi kitu kilipokelewa kabla ya tarehe ya kufunga. Kwa vyovyote, mabomba ambayo hayajafika si matumizi. Huwa naambiwa, "Lakini tulishasaini na muuzaji." Saini inakufunga wewe na muuzaji. Kwenye barua kwa mfadhili oda hiyo inaandikwa chini ya salio, ikitajwa kuwa ni ahadi, pamoja na tarehe ya oda na tarehe ambayo mzigo unatarajiwa. Mfadhili akiona kuwa katika 4,800 zilizobaki 3,300 tayari zina kazi, mara nyingi hana haraka ya kuzidai.

Masurufu ni fedha zilizotoka benki bila kutoka kwenye mradi. Zimehama mkono tu. Zinakuwa matumizi siku mpokeaji anaporejesha hati: risiti, orodha ya safari iliyosainiwa, na fedha zilizobaki zikiwa zimerudishwa benki. Mhasibu anayeandika masurufu kama gharama siku anapoyatoa anajipunguzia kazi leo, lakini anaipeleka ofisi kwenye hoja ya ukaguzi. Ushauri wetu ni kwamba siku kumi au kumi na tano kabla ya awamu kufungwa msitoe masurufu mapya, na yaliyoko nje yarejeshwe. Yakibaki, yaandikwe kwenye barua kwa kiasi na kusudi lake. Hakuna haja ya kutaja jina la afisa.

Baada ya hesabu kufunga, ndipo changamoto zinapopata maana. Barua ya kwanza ya kikundi ilikuwa na aya ya changamoto inayosema kuwa bei zilipanda, barabara zilikuwa mbaya na muda haukutosha. Maneno hayo yanaweza kukatwa na kubandikwa kwenye barua ya mradi wowote. Hayamsaidii mfadhili kuamua lolote, kwa sababu hayaonyeshi kila tatizo lilikula kiasi gani.

Kumbe hesabu yao wenyewe ilikuwa na jibu. Mafundi walipoinua pampu walikuta mabomba ya chuma yaliyopakwa zinki yameliwa na kutu. Maji yenye asidi, yale ambayo pH yake iko chini ya 6.5, hula mabomba ya aina hiyo, na dalili yake watumiaji waliijua muda mrefu: maji mekundu asubuhi, yenye ladha ya chuma. Tathmini ya awali ilikuwa imetazama juu ya kisima tu, mpini na mnyororo, bila kuinua bomba. Kubadilisha mabomba kukapandisha gharama ya kisima kutoka 3,000 hadi wastani wa 3,400. Kwa visima 9 hiyo ni 3,600. Na kwa kuwa kisima lazima kifunguliwe kwanza ndipo vipimo vya bomba vijulikane, mafundi walienda mara mbili mahali palipopangwa mara moja. Hiyo ndiyo 1,200 ya usafiri iliyozidi.

Sasa tazama jinsi tarakimu zinavyosimulia. Kama kila kitu kingekwenda kwa bei ya bajeti, kuacha visima vitatu kungebakiza 9,600, yaani 9,000 za vipuri na 600 za upimaji. Kutu kwenye mabomba ilikula 3,600 na safari za pili 1,200, jumla 4,800. Zikabaki 4,800. Changamoto moja, yenye sababu inayoonekana, imeeleza tofauti yote ya jedwali. Mwandishi akifikia hapo hana haja ya kulalamikia barabara.

Upande wa matokeo, barua nyingi huishia kwenye idadi ya kazi zilizofanyika: visima 9 vimekarabatiwa, kamati 12 zimefunzwa, maji yamepimwa. Ni taarifa ya lazima, lakini mfadhili alitoa fedha ili watu wapate maji. Kikundi hiki kilikuwa na takwimu nzuri zaidi na hakikuziandika. Siku 60 baada ya ukarabati walikuwa wamevipitia tena visima vyote 9 na kukuta 8 vinatoa maji. Cha tisa kilikuwa kinahitaji kupigwa mpini mara nyingi kila asubuhi kabla maji hayajatokea, dalili kwamba valvu ya chini inavuja na maji yanashuka usiku. Mwandishi aliona kukiri kisima kibovu kungeharibu barua. Kwangu mimi, taarifa hiyo ndiyo iliyonifanya niziamini zile nane.

Vivyo hivyo kwenye upimaji. "Maji yamepimwa" haitoshi. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani unataka bakteria wa E. coli wasionekane kabisa katika sampuli ya mililita 100 ya maji ya kunywa. Kwa hiyo andika visima vingapi havikuonekana na bakteria hao, vingapi vilionekana, na mlifanya nini kwa vile vilivyoonekana. Visima viwili vyao vilikuwa na bakteria, vikatiwa klorini na kupimwa tena. Hayo yote yalikuwa kwenye daftari la fundi. Kwenye barua hayakuwemo.

Hii hapa sehemu kuu ya barua yao ya pili, baada ya marekebisho. Naiweka kwa idhini yao, kwa tarakimu zilizobadilishwa:

"Tulipokea 60,000 kwa awamu hii. Hatukuwa na salio la kuanzia. Hadi tarehe ya kufunga tumetumia 55,200 na salio ni 4,800. Kati ya salio hilo, 3,300 ziko benki kama inavyoonekana kwenye taarifa ya benki iliyoambatishwa, na 1,500 ni masurufu ya safari iliyoahirishwa, ambayo yamerejeshwa benki siku sita baada ya kufunga. Stakabadhi ya benki imeambatishwa. Tuna oda ya mabomba yenye thamani ya 3,300 ambayo haijapokelewa wala kulipwa, na haimo kwenye matumizi.

"Visima 9 kati ya 12 vimekarabatiwa na kupimwa. Siku 60 baadaye, 8 vilikuwa vinatoa maji ya kutosha. Kimoja kinavuja kwenye valvu ya chini na kamati yake imeagiza mpira mpya kwa fedha za michango yake. Visima viwili vilikutwa na E. coli, vikatiwa klorini, na kipimo cha pili hakikuonyesha bakteria.

"Visima vitatu havijakarabatiwa. Sababu ni kutu kwenye mabomba, ambayo tathmini yetu ya awali haikuigundua kwa sababu hatukuinua pampu. Iliongeza 3,600 kwenye vipuri na 1,200 kwenye usafiri. Kifungu cha usafiri kimezidi bajeti kwa asilimia 20 bila ridhaa yenu ya kabla, na tunaomba mlizingatie hilo pamoja na maelezo haya.

"Kwa bei ya sasa, kisima kimoja pamoja na upimaji kinahitaji 3,600. Tunaomba nyongeza ya muda wa miezi mitatu bila fedha mpya ili tukamilishe kisima cha kumi kwa kutumia salio. Zitabaki 1,200. Visima viwili vya mwisho vitahitaji 7,200, hivyo pengo ni 6,000, ambalo tunaliwasilisha kwenu kwa uamuzi."

Barua hiyo ilipita kwa siku tatu. Ya kwanza ilikuwa imekaa wiki saba katika maswali na majibu.

Kuna mstari mmoja ndani yake unaostahili maelezo zaidi, ule wa usafiri. Watu huchanganya kuzidi kwa jumla na kuzidi kwa kifungu. Kikundi hakikuzidi jumla, kwa kuwa kilitumia 55,200 katika 60,000. Kifungu cha vipuri nacho hakikuzidi, ingawa bei ya kila kisima ilipanda, kwa sababu 30,600 ni pungufu ya 36,000. Bei ya kisima inaelezwa kwenye barua tu, haihitaji ridhaa. Usafiri ndio uliozidi kifungu chake. Mkataba wao uliruhusu kuzidi kwa asilimia 10 bila kuomba, yaani hadi 6,600. Zile 600 zilizovuka mpaka huo ndizo zilizokuwa hatarini.

Mipaka hii hutofautiana, na hapa tafadhali msikariri ya jirani. Kanuni za ruzuku za serikali kuu ya Marekani zinaipa ofisi inayotoa fedha uwezo wa kuzuia uhamisho kati ya vifungu, kwa ruzuku kubwa, pale jumla ya uhamisho inapozidi asilimia 10 ya bajeti yote iliyoidhinishwa. Mikataba ya ruzuku za nje ya Umoja wa Ulaya imekuwa ikiruhusu mabadiliko ya hadi asilimia 25 ya kiasi cha awali cha kifungu, mradi lengo la kazi lisiguswe. Moja inapima dhidi ya bajeti nzima, nyingine dhidi ya kifungu. Anayejua asilimia bila kujua ni asilimia ya nini hajui kitu, na mara nyingi huligundua hilo taarifa ikiwa imesharudishwa.

Kama ridhaa isingetolewa, zile 600 zingeitwa gharama zisizokubalika, na utaratibu wake kwetu ni huu. Kwanza inatoka barua ya maswali, nawe una siku 14 kujibu kwa hati. Majibu yasiporidhisha, inatoka barua ya uamuzi yenye kiasi cha kurejesha na akaunti ya kurejeshea, na una siku 30. Katika muda huo awamu inayofuata haitolewi hata kama kazi imeiva. Muda ukipita bila marejesho, kiasi hicho kinakatwa kwenye awamu ijayo au suala linapelekwa kwa mkaguzi wa nje, na gharama za ukaguzi huo zinaweza kuwa juu yako ikiwa mkataba unasema hivyo. Pia marejesho hayalipwi kwa fedha za mradi. Ukichukua 600 kwenye kifungu cha mafunzo kulipia 600 zilizokataliwa kwenye usafiri, umetengeneza gharama ya pili isiyokubalika. Fedha hizo zinatoka kwenye mapato yenu wenyewe, na kikundi kisicho na mapato yake kinapaswa kulijua hilo kabla ya kuvuka mpaka wa kifungu.

Zote hizo zingeepukika kwa barua ya ukurasa mmoja iliyoandikwa siku fundi alipoinua bomba la kwanza lenye kutu. Ilitakiwa iseme tumekuta nini, gharama itabadilika kiasi gani, kifungu gani kitazidi, na tunaomba ridhaa. Sisi hujibu barua kama hiyo ndani ya siku kumi za kazi. Ridhaa ya nyuma tunaitoa kwa nadra na baadhi ya wafadhili hawaitoi kabisa.

Kuhusu muda wa kuwasilisha, ruzuku zinazotoka moja kwa moja serikali kuu ya Marekani zinatoa siku 120 baada ya muda wa utekelezaji kwisha kwa taarifa za kufungia, na siku 90 kwa aliyepokea kupitia mpokeaji mwingine. Wengi wetu wengine tunatoa muda mfupi zaidi. Hesabu siku zako kuanzia tarehe iliyoandikwa kwenye mkataba, kwa maana kuna kikundi kilihesabu kuanzia siku fedha zilipoingia benki kikachelewa kwa wiki tano. Na barua ikishakubaliwa, hati zisitupwe. Kanuni hizo za Marekani zinataka zihifadhiwe miaka 3 tangu taarifa ya mwisho ya fedha iwasilishwe, na mikataba mingine inataka zaidi. Risiti zilizochapwa kwenye karatasi ya joto hufutika zenyewe kabla ya muda huo, hivyo zitolewe nakala mapema na nakala ibanwe pamoja na hati ya malipo.

Mara kwa mara naulizwa picha ziwekwe ngapi. Picha tatu zinatosha, na hakuna picha inayojibu swali la salio. Shukrani nazo ziwe mstari mmoja mwishoni. Barua ya kwanza ya kikundi hiki ilikuwa na nusu ukurasa wa shukrani na mistari miwili ya fedha.

Mfadhili alitoa ridhaa ya kisima cha kumi, akakubali maelezo ya usafiri kwa safari hiyo moja, na akaagiza zile 1,200 zihesabiwe kama sehemu ya awamu inayofuata. Kwa hiyo jedwali la awamu hiyo litaanza na mstari ambao haukuwepo kwenye barua yao ya kwanza: salio la kuanzia, 1,200.